Nimepanga kwa mjomba: nimwandikieje kuhusu kodi bila kumvunjia heshima?

Habari za kazi. Nimepanga nyumba ya mjomba wangu, kaka yake mama, hapa Tabata, Dar es Salaam. Mjomba amestaafu, anaishi Tanga. Huu ni mwaka wa tatu na hatujawahi kuandikishana chochote. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, namlipa miezi sita mbele, Januari na Julai. Majirani wenye nyumba kama hii wanalipa 250,000.

Mwezi Mei alilazwa, akanipigia nimtumie laki tatu za haraka, akasema tutajuana kwenye kodi. Nikatuma kwenye namba ya mkewe. Julai nikamalizia laki sita. Sasa nasikia anasema nina deni la laki tatu. Agosti pampu ya maji iliungua, akaniambia ninunue nyingine atakata kwenye kodi. Nilitumia 320,000 pamoja na fundi, na tangu hapo hajaitaja. Mwanawe naye anakaa chumba cha uani, tunatumia LUKU moja na hanunui umeme.

Wiki iliyopita mjomba kapiga simu: kuanzia Januari kodi ni 250,000 kwa mwezi na anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nataka tuandikiane, lakini mama ananionya kwamba nikimpelekea kaka yake barua ya mahesabu nitaonekana ninamshitaki. Nifanyeje?

Mpangaji, Tabata

*

Mdogo wangu, mwandikie. Lakini usimwandikie kabla hujaongea naye, na usimwandikie yote kwa mara moja.

Hofu ya mama yako ina msingi. Mzee akifungua simu asubuhi akakuta orodha ya tarehe na pesa kutoka kwa mtoto wa dada yake, bila taarifa yoyote, atajiona ameitwa barazani. Karatasi ileile ikimfikia baada ya mazungumzo ambayo yeye mwenyewe ameridhia, ataiona ni kumbukumbu ya maneno yake. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kupanga hatua. Maneno ya barua yatakuja baadaye na hayatakusumbua sana.

Una mambo matatu na kila moja lina njia yake. Kuna hesabu ya nyuma, yaani zile laki tatu za Mei na pampu. Kuna kodi mpya ya Januari. Halafu kuna binamu yako na umeme. Ukiyafunga kwenye barua moja, mjomba atasoma hivi: nimepandisha kodi, naye kafukua ya pampu na kunisemea mwanangu. Hapo hata madai yako ya haki yataonekana ni majibu ya hasira. Uzuri ni kwamba Januari bado iko mbali kidogo, unao muda wa kumaliza la kwanza kabla ya kuligusa la pili. La tatu halimhusu mjomba hata kidogo kwa sasa, nitalirudia mwishoni.

Anza na zile laki tatu. Fikiria zilivyopita: mzee amelala wodini, pesa inaingia kwenye simu ya mkewe, mkewe anakimbilia dirisha la malipo na duka la dawa. Inawezekana kabisa mjomba hakuiona pesa hiyo hata siku moja. Ikifika Julai anaona laki sita kwenye simu yake wakati amezoea laki tisa. Kwa macho yake, pengo lipo. Sidhani kama anakuzulia, na barua yako isimchukulie hivyo. Hesabu yake ina upande mmoja tu, wewe unao wa pili.

Kwa hiyo simu ya kwanza mpigie mkewe. Msalimie, muulize hali ya mgonjwa, kisha mwambie kwa utulivu kwamba unaweka sawa kumbukumbu zako za kodi na ungependa mkumbushane ile laki tatu ya Mei uliyoituma kwake. Usimwambie kwamba mzee anakudai, wala usimuulize kama alimwambia mumewe. Akikumbuka, mara nyingi atamwambia mzee mwenyewe jioni ile, na hilo litakusaidia kuliko barua tatu. Asipokumbuka, utakuwa umejua mapema kwamba unahitaji ushahidi mkononi.

Ushahidi uutafute kabla ya kumpigia yeyote. Ujumbe wa muamala wa Mei unaonyesha jina la aliyepokea, kiasi, tarehe na namba ya kumbukumbu. Kama umeufuta au ulibadilisha simu, nenda na kitambulisho chako kwenye ofisi ya mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya mwezi huo. Risiti ya pampu itafute, na kama fundi hakukuandikia chochote mwombe akuandikie sasa kwa mkono: jina lake, tarehe, kazi aliyofanya na pesa aliyopokea. Vitu hivi vikae kwako. Usimtumie mjomba picha za risiti na miamala kwenye ujumbe wa kwanza. Kumrundikia mzee vielelezo kabla hajabisha ni kumwambia kwamba unategemea atakukana. Taja tarehe na kiasi, sema risiti unazo, akitaka kuziona umpelekee siku hiyohiyo.

Kisha mpigie mjomba. Chagua muda ambao hayupo kwenye kikao wala msikitini au kanisani, na usimpigie wakati anasubiri pesa yako ya jambo jingine. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, maneno yenyewe ni machache: "Mjomba, nimeona miaka inakwenda na mambo yetu ya nyumba yapo kichwani tu. Naomba ruhusa nikuandikie hesabu ya kipindi hiki ili mimi na wewe tuwe na kumbukumbu moja." Usianze kujadili deni kwenye simu. Akilianzisha yeye, sema utaliandika lote aone, na kama kuna kosa lako utalirekebisha. Mzee akishasema "haya, andika", mama yako hana tena cha kuogopa.

Siku inayofuata tuma ujumbe huu. Tarehe weka za kwako.

"Shikamoo mjomba. Natumaini afya inazidi kuimarika na aunti hajambo. Kama tulivyoongea jana, hii ndiyo hesabu ya kodi ya Julai hadi Desemba.

Kodi ya miezi sita kwa 150,000 ni 900,000.
Tarehe 14 Mei nilituma 300,000 kwenye namba ya aunti, ulipokuwa hospitali.
Tarehe 2 Julai nilituma 600,000 kwenye namba yako.
Jumla niliyotuma ni 900,000. Kodi imekamilika hadi mwisho wa Desemba.

Agosti ulinielekeza ninunue pampu na gharama ikatwe kwenye kodi. Pampu ilikuwa 280,000 na fundi 40,000, jumla 320,000. Naomba kiasi hicho kikatwe kwenye malipo ya Januari. Risiti ninazo.

Kama kuna mahali nimekosea naomba unirekebishe mjomba. Kama iko sawa, naomba unijibu tu kwamba umeiona na iko sawa."

Tazama heshima imekaa wapi. Ipo kwenye salamu, ipo kwenye kumtaja aunti bila kumlaumu, ipo kwenye kumpa nafasi ya kukurekebisha. Katikati pale kwenye pesa hakuna "samahani sana", hakuna "sijui kama utanielewa", hakuna "sitaki uone vibaya". Wengi wetu tukiwaandikia wakubwa tunaizungushia pesa maneno ya kuomba radhi mpaka msomaji hajui anaombwa nini, na mzee anabaki na hisia tu kwamba kuna lawama mahali fulani. Pesa iandikwe kavu. Mtu wa umri wa mjomba wako amelipwa mshahara na kukatwa makato miaka mingi, hesabu safi haimtishi.

Tazama pia sijaandika "nakudai". Nimeandika alichoelekeza yeye mwenyewe, halafu nikaomba kikatwe palepale aliposema kitakatwa. Unamshikilia kwa neno lake bila kumbana.

Ule mstari wa mwisho usiuache. "Iko sawa" ya mjomba ndiyo risiti yako. Akijibu kwa sauti badala ya maandishi, itunze sauti hiyo, na wewe mwandikie: "Asante mjomba, nimekusikia, umesema hesabu iko sawa." Akinyamaza siku nne tano, usimtumie tena ujumbe uleule, mpigie. Kunyamaza kwa mzee huwa ni simu haina bando, ni miwani, au ni kwamba ameudhika, na hayo matatu huwezi kuyatofautisha kwa kuangalia alama za WhatsApp. Ujumbe huu pia usiupeleke kwenye kundi la ukoo, hata kama ni kule ulikosikia habari za deni. Hesabu ikishakubaliwa, mwombe mjomba mwenyewe: "Naomba ukipata nafasi uwaambie na wengine kwamba lile limekwisha." Likitoka kinywani mwake litamaliza maneno, likitoka kwako litayaongeza.

Sasa kodi mpya. Hapa nitasema jambo ambalo huenda hukulitarajia: mjomba hajakuonea. Kama majirani wanalipa 250,000, basi amekuwa akikuachia laki moja kila mwezi, na hiyo ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Mzee aliyestaafu na aliyetoka hospitali ana sababu ya kuihitaji pesa hiyo. Unachoweza kukibishia kwa haki ni ukubwa wa hatua na yale malipo ya mwaka mzima, basi. Kabla ya hapo hakikisha hiyo 250,000 ni ya kweli. Waulize majirani wawili wanalipa kiasi gani leo, maana aliyepanga zamani huenda analipa bei ya zamani. Uliza pia kama bei hiyo inahesabu maji, na kama nyumba zao zina uzio na maegesho.

Piga pia hesabu ya kuhama, ili ujue unasimama wapi. Nyumba ya 250,000 kwa mtu baki, akitaka miezi sita mbele, ni 1,500,000. Dalali naye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, 250,000. Umefika 1,750,000 na bado hujalipa gari la kubeba vyombo. Kwa hiyo hata mjomba akishikilia bei yake, kubaki kunaweza kuwa nafuu. Hili ulijue wewe moyoni, barua haihitaji kulisema.

Pendekezo langu ni kuipandisha kwa hatua mbili, na hili liandike kwenye karatasi, kwa mkono au uchapishe, nakala mbili. Lizungumzeni kwanza kwa simu kama lile la mwanzo. Ukiweza kwenda Tanga mwenyewe kumwona mgonjwa, ni bora zaidi, lakini karatasi isitoke siku ya kufika wala mbele ya wageni. Itoke siku ya pili baada ya chai, mkiwa wawili na mkewe akiwa karibu. Maandishi yawe hivi:

"Shikamoo mjomba. Nakushukuru kwa miaka hii ambayo umenipa nyumba kwa 150,000 wakati nyumba za jirani ni 250,000. Ninajua tofauti hiyo ilikuwa msaada wako kwangu.

Nimepokea taarifa yako ya kodi mpya. Naomba tuifikie kwa hatua mbili: Januari hadi Juni 200,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 250,000 kwa mwezi. Naomba malipo yaendelee kuwa ya miezi sita mbele kama tulivyozoea. Kwa hesabu hiyo Januari ni 1,200,000. Tukikata 320,000 ya pampu, nitatuma 880,000 kabla ya tarehe 5 Januari. Julai nitatuma 1,500,000.

Naomba pia tukubaliane haya. Matengenezo makubwa, kama paa, pampu, nyaya za umeme na mfumo wa maji taka, yawe upande wako. Madogo kama koki, vitasa na balbu yawe upande wangu. Nisifanye tengenezo la zaidi ya 50,000 kwa niaba yako kabla ya kuongea nawe. Kodi yote itumwe kwenye namba yako peke yake, au nyingine utakayonielekeza kwa maandishi. Kodi isipande tena kabla ya mwaka kwisha tangu Julai. Kati yetu atakayetaka kumaliza upangaji amjulishe mwenzake miezi mitatu kabla. Na makubaliano haya yaheshimiwe na yeyote utakayemkabidhi kusimamia nyumba.

Nakusikiliza kwa lolote unaloona tulibadilishe."

Chini weka majina yenu, tarehe na saini, na shahidi mmoja kila upande. Upande wake mkewe anatosha. Upande wako usimweke mama, kwa sababu siku likitokea jambo atakuwa kati ya kaka na binti. Mtafute mtu mzima mwingine wa familia ambaye wote mnamheshimu.

Wapangaji wengi huandikishana mbele ya mjumbe au serikali ya mtaa wakapigiwa muhuri, na kwa mwenye nyumba usiyemjua ningekusihi ufanye hivyo. Kwa mjomba usianze na muhuri. Saini mbili na mashahidi wawili ni maandishi tosha kuonyesha mlichokubaliana. Kwenye barua usitaje sheria wala mahakama, hakuna kitu ndani yake kinachohitaji nguvu hiyo.

Sijaandika popote kwamba mshahara wako ni mdogo au maisha yamepanda. Ukiweka shida zako humo, umegeuza barua ya kodi kuwa ombi la msaada, na mjomba atakujibu kama mjomba: atakupunguzia mwezi mmoja kwa huruma, halafu mwezi wa tatu atakumbuka kwamba alikusaidia. Taja unachoweza kulipa na lini. Na ujue kwa kichwa hesabu ya mwaka, atakuuliza. Alikuwa akipata 1,800,000. Kwa pendekezo lako atapata 2,700,000, na alichotaka ni 3,000,000. Mnapishana kwa laki tatu tu. Mzee akiisikia hivyo, mazungumzo huwa mepesi.

Akisema hapana, ni 250,000 kuanzia Januari, mjibu kwamba umemsikia na unaomba siku saba ufikirie. Kisha amua: ulipe au uhame. Usizunguke kwa wajomba wengine na mama wadogo wakuombee upunguziwe, maana utapata punguzo dogo na utalilipia kwenye kila msiba na kila harusi. Ila kwenye malipo ya mwaka mzima simama palepale kwa adabu. Mweleze kwamba kipato chako kinakuja kwa mwezi na milioni tatu kwa mkupuo huna, lakini miezi sita hujawahi kuichelewesha. Kama hujawahi kweli, iseme, ina uzito.

Ule mstari wa "yeyote utakayemkabidhi kusimamia nyumba" huenda uliupita haraka. Mjomba ni mtu mzima na ametoka wodini. Mungu amjalie miaka mingi, lakini ukweli ni kwamba mwenye nyumba akifariki, nyumba inaingia kwenye mirathi. Mahakama humthibitisha msimamizi, na huyo anaweza kuwa mtoto wake wa Arusha ambaye hajui kwamba umeshalipa hadi Juni, wala hajui habari za pampu. Wapangaji wa ndugu hupata taabu kubwa hapo, kwa sababu aliyejua makubaliano ameondoka nayo. Huwezi kumwandikia mzee "endapo utafariki". Lakini ukiandika habari ya atakayekabidhiwa, umesema kitu kilekile kwa namna anayoweza kuisoma bila kuumia, na karatasi itakusemea.

Kwa malipo yenyewe, kila unapotuma kodi fuatisha ujumbe: "Shikamoo mjomba. Leo tarehe 3 Januari nimetuma 880,000, kodi ya Januari hadi Juni baada ya kukata pampu. Naomba unijulishe ikifika." Cha muhimu humo ni kutaja pesa ni ya miezi gani. Muamala wa simu unathibitisha pesa imekwenda, lakini hauelezi ni ya nini. Nunua na daftari dogo, uandike kila malipo siku hiyohiyo, kwa sababu simu huibiwa.

Na ataomba tena pesa katikati ya kipindi. Ni ndugu, ada na dawa hazisubiri Julai. Usimkatalie kwa sababu ya makubaliano, ila usitume pesa kabla hamjaipa jina. Muulize palepale: "Mjomba, hii niihesabu kodi ya Julai, au huu ni mchango wangu kwako?" Laki tatu za Mei zilikuwa kodi ya miezi miwili kamili, na sentensi hiyo moja ingezitosha. Ukiwa na uwezo, mara mojamoja tuma kidogo ambacho ni mchango mtupu, uandike kwamba hakihusiani na kodi. Hapo utamsaidia kama mtoto wa dada yake, bila kuchafua hesabu ya nyumba.

Nimalizie na binamu. Ongea naye yeye, uso kwa uso, na umpe hesabu badala ya lawama. Kwa wiki nne andika umenunua umeme wa shilingi ngapi, kisha mkubaliane sehemu yake kwa kuangalia vitu anavyotumia. Mwenye taa, simu na feni halipi sawa na mwenye friji na pasi. Njia rahisi ni zamu: wewe unanunua mara tatu, yeye mara ya nne. Ikishindikana, fundi umeme anaweza kukufungia mita ndogo ya ndani kwenye waya wa chumba chake ili msibishane kuhusu yuniti, lakini kwa kuwa hiyo ni kugusa nyumba, mwombe mjomba ruhusa kwanza. Ukimwomba, sema ni kwa ajili ya kugawana umeme vizuri na uishie hapo. Mwanawe hajui kwamba umewahi kunung'unika, na si lazima ajue.

Kwenye hiyo hiyo LUKU utaona makato ya kodi ya majengo. Yalianza kukatwa kupitia mita mwaka 2021, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ingawa anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Una haki ya kuomba irudishwe kwenye hesabu. Mimi kwa mjomba aliyeniachia laki moja kila mwezi ningeibeba, na ningemwambia siku ya kusaini kwamba naibeba, ili naye ajue.